Zamu ya usiku haina mtu: jinsi ya kuziba pengo la rosta wodini bila kulihamishia siku nyingine

Alhamisi tarehe 31 Julai, saa 8:15 mchana, nilikuwa nikiandika kwenye ubao wa wodi majina ya wauguzi wa usiku. Chini ya rosta, kwenye mstari wa jumla, tarehe 31 ilionyesha wauguzi wawili wa usiku kama inavyotakiwa. Nilipopandisha jicho kutafuta majina ya hao wawili sikuwaona. Mstari wa jumla ulisema wapo, lakini kwenye safu yenyewe hapakuwa na mtu hata mmoja aliyepangiwa usiku huo.

Naandika kwa ajili ya mainchaji wa wodi na wengine wanaopanga zamu, hasa walio wapya kwenye kazi hii. Nitaeleza tulichofanya kuanzia dakika ile hadi pengo lilipokwisha, kwa mpangilio ambao unaweza kuufuata. Kuziba usiku mmoja si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kwamba kila mtu unayemwita anatoka mahali fulani kwenye rosta, na usipomfuatilia, shimo linahama tu. Leo umelala salama, Jumapili unakuta wodi haina mtu.

Kwanza nieleze wodi yenyewe. Ni wodi ya upasuaji ya wanawake yenye wauguzi 14. Zamu ya asubuhi inaanza saa 1:30 hadi saa 8:30 mchana, ya jioni saa 8:00 mchana hadi saa 1:30 usiku, na ya usiku saa 1:30 usiku hadi saa 1:30 asubuhi. Usiku wanaingia wauguzi wawili pamoja na mhudumu wa afya mmoja, na kila jozi inakaa usiku tatu mfululizo kabla ya kupumzika. Kwenye rosta tunatumia herufi zilizozoeleka: M ni asubuhi, E jioni, N usiku, NO ni mapumziko baada ya usiku, na DO ni siku ya ofu.

Hatua ya kwanza: hakikisha pengo ni la kweli

Kabla ya kumpigia mtu simu, tumia dakika kumi kuthibitisha. Rosta iliyobandikwa ukutani ni ya siku ilipochapishwa, na huenda watu wameshabadilishana zamu. Kwa hiyo angalia mambo matatu: karatasi ya ukutani, faili la kompyuta, na daftari la kubadilishana zamu. Yote matatu yakikubaliana kwamba hakuna mtu, bado usiamini. Waulize walio wodini, kwa sababu wapo wanaokubaliana kwa mdomo na kusahau kuandika.

Mimi nilikuwa na bahati ya saa. Saa 8:15 ndipo zamu ya asubuhi na ya jioni zinakutana kwa makabidhiano, kwa hiyo nilikuwa na wauguzi saba mbele yangu. Niliuliza swali moja tu: "Nani anajua anayeingia leo usiku kuamkia kesho Ijumaa?" Kila mtu alimtaja mwenzake. Waliodhani ni jozi iliyotoka asubuhi ile walikosea, maana hao walikuwa wamemaliza usiku wao wa tatu na kwenye tarehe 31 wameandikiwa NO. Waliodhani ni jozi mpya nao walikosea, kwa kuwa jozi hiyo inaanza tarehe 1 Agosti. Hapo pengo likawa limethibitishwa.

Uliza swali lako kwa namna hiyo, kwa kutaja usiku na siku unaoamkia. Ukisema "usiku wa Ijumaa" watu wawili watakuelewa usiku mbili tofauti, na katika suala la zamu hilo ni kosa la saa 24.

Hatua ya pili: mjulishe metroni kabla hujapata jibu

Wengi wetu hapa tunajichelewesha. Tunataka kwenda kwa mkubwa tukiwa na suluhisho mkononi, basi tunapiga simu kumi kwanza, na tunapokwama ni saa 12 jioni na metroni ameshaondoka kazini. Metroni ana uwezo ambao wewe huna: anaona rosta za wodi zote, anaweza kuhamisha muuguzi wa wodi nyingine, na akilazimika anaweza kuamua wodi mbili ziunganishwe au wagonjwa wapya wapelekwe kwingine. Mpe muda wa kutumia uwezo huo.

Taarifa iwe fupi na iwe na saa ndani yake. Yangu ilikuwa hivi:

"Metroni, wodi ya upasuaji wanawake haina muuguzi wa usiku leo kuamkia kesho. Wanahitajika wawili. Nimethibitisha kwa rosta na kwa watu. Naanza kuwapigia walio ofu sasa hivi. Saa 10 nitakuletea jibu, na mpaka saa 11 jioni kama bado nina upungufu nitaomba uamue wewe."

Hiyo saa 11 ndiyo yenye uzito. Inampa mkubwa wako saa mbili na nusu za kufanya jambo kabla zamu haijaanza, na wewe inakuzuia kuendelea kutumaini simu moja zaidi.

Hatua ya tatu: jua wodi inahitaji nini usiku huo

Usiseme tu "nataka wawili kwa sababu huwa ni wawili." Pitia vitanda. Siku ile tulikuwa na wagonjwa 22. Wanne walikuwa wametoka thieta siku hiyo hiyo, na mmoja wao alikuwa anasubiri kuongezewa damu. Damu inahakikiwa na watu wawili pale pale kitandani kabla haijafunguliwa, na dakika 15 za mwanzo muuguzi anatakiwa kuwa karibu na mgonjwa, kwa sababu athari kali mara nyingi hujitokeza mapema. Muuguzi akiwa peke yake hawezi kusimama kwenye kitanda kimoja na wakati huo huo kuangalia dripu za wengine 21. Mhudumu wa afya ni msaada mkubwa, lakini hahakiki damu wala hatoi dawa.

Kwa hiyo nilijua wauguzi wawili hawapunguziki, na angalau mmoja awe anaijua wodi hii vizuri. Nilijua pia kwamba muda mzito ni kuanzia kuingia zamu hadi baada ya dawa za saa 4 usiku. Jambo hilo la pili ndilo lililotuokoa baadaye.

Hatua ya nne: andika majina yote, kisha futa

Usianze na mtu ambaye huwa hakatai. Kila wodi ina muuguzi wa namna hiyo, na ndiye anayechoka kuliko wote. Andika majina yote na uyafute kwa sababu, moja baada ya jingine.

Katika 14 wetu, wawili walikuwa likizo ya mwaka na mmoja likizo ya uzazi. Wakabaki 11. Wawili walikuwa wametoka usiku asubuhi ile ile, wamelala majumbani kwao. Wakabaki tisa. Wanne walikuwa wamefanya kazi asubuhi, na watatu walikuwa wameingia jioni. Wakabaki wawili wenye DO.

Wale wanne wa asubuhi ndio kishawishi kikubwa, kwa sababu wako mbele yako na mmoja wao atajitolea kwa moyo safi. "Inchaji, mimi naenda nyumbani nalala kidogo, saa 1:30 narudi." Mkatalie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Aliyetoka saa 8:30 mchana akirudi saa 1:30 usiku amepumzika saa tano. Sheria hiyo hiyo inaweka kikomo cha saa 12 za kazi kwa siku, kwa hiyo wa jioni naye huwezi kumwambia aunganishe: kuanzia saa 8:00 mchana hadi saa 1:30 asubuhi ni saa 17 na nusu. Mtu aliyekesha hivyo ndiye atakayesoma namba ya chupa ya damu saa 10 alfajiri.

Angalia na wengine ambao sheria inawakinga na kazi ya usiku: mjamzito katika miezi miwili ya mwisho, mama katika miezi miwili baada ya kujifungua, na mwenye cheti cha daktari kinachoonyesha hafai kufanya kazi usiku. Hao usiwapigie kabisa, hata kuwauliza tu, kwa sababu mtu huona aibu kukataa.

Hatua ya tano: piga simu, sema ukweli wote

Wawili waliobaki na DO walikuwa ndiyo jozi iliyopangiwa kuanza usiku tarehe 1 Agosti. Mmoja alikuwa Morogoro msibani na angerudi Ijumaa mchana. Nilimpa pole nikakata simu, sikumweleza shida yangu. Wa pili alikuwa nyumbani.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba mwanangu. Samahani nakusumbua siku yako ya ofu. Rosta ina kosa, leo usiku kuamkia kesho hakuna mtu. Ninachokuomba ni uanze usiku wako leo badala ya kesho. Utafanya leo, kesho na Jumamosi, halafu usiku wa Jumapili hutaingia. Ofu yako ya leo nitaiandika, utaipata. Umeamka saa ngapi, na unaweza kulala kidogo sasa hivi?"

"Nimeamka saa 12. Mtoto yupo kwa bibi yake, naweza kulala mpaka saa 11. Ila kutoka huku na bodaboda usiku naogopa."

"Gari la hospitali litakuchukua saa 12:45. Nitakuthibitishia kwa ujumbe."

Ona kwamba nilimpa ratiba yote kabla hajakubali: usiku gani, anaishia lini, anarudishiwa nini. Mtu anayeombwa "njoo tu leo, mengine tutaona" akija mara moja, mara ya pili hapokei simu. Na swali la usingizi usiliache. Akikwambia amekesha akiuguza mtoto, mshukuru umwache, hata kama ni jina la mwisho kwenye orodha yako.

Saa 10 nilikuwa na mmoja. Nikarudi kwa metroni kama nilivyoahidi, nikamwambia nimepata mmoja mzoefu wa wodi hii na nahitaji mmoja wa kumsaidia. Wodi jirani usiku ule ilikuwa na wauguzi watatu. Metroni akaongea na inchaji wao, akakubali kutupa mmoja, ila si kabla ya saa 4 usiku, kwa sababu nao wana mzunguko wao wa dawa.

Likabaki pengo la saa mbili na nusu, kuanzia saa 1:30 hadi saa 4. Hapo sasa ndipo muuguzi wa jioni anaweza kusaidia kihalali. Aliyeingia saa 8:00 mchana akibaki hadi saa 4 usiku amefanya saa nane. Zamu yake ya kesho ilikuwa tena ya jioni, kwa hiyo angepumzika saa 16. Mmoja wa wale watatu alikubali, na tukapanga damu ianze kuongezwa mapema, wakati wote wawili wanaoijua wodi wapo.

Tuliwekeana sharti moja: haondoki saa ikifika, anaondoka mwenzake akishasimama wodini na kupokea. Saa 4 kamili ikipita na wodi jirani haijamtoa mtu, anampigia msimamizi wa usiku, hapigi hesabu zake mwenyewe.

Hatua ya sita: fuata shimo mpaka lifike mahali penye mtu wa ziada

Saa 11 jioni usiku wa leo ulikuwa umetimia, na hapa ndipo watu hufunga faili. Mimi nikaendelea na rosta ya Agosti, kwa sababu nilikuwa nimechukua mtu kutoka huko.

Muuguzi aliyeanza Alhamisi atamaliza usiku wa Jumamosi tarehe 2. Kwa hiyo Jumapili tarehe 3 usiku kuna mtu mmoja tu, yule wa Morogoro. Shimo limehama kwa siku tatu.

Ningeweza kumwomba mtu wa jozi inayofuata aanze mapema naye, lakini hapo kila jozi ingesukuma inayofuata na shimo lingetembea mwezi mzima. Nikatafuta zamu yenye mtu zaidi ya mahitaji. Jumapili jioni ilikuwa na watatu, na wikendi kwetu hakuna upasuaji wa kupangwa, wawili wanatosha. Mmoja wa hao watatu alikuwa na zamu ya jioni Jumamosi pia, anatoka saa 1:30 usiku. Nikimtoa Jumapili jioni na kumweka Jumapili usiku, anapata saa 24 kamili kati ya zamu hizo mbili.

Sasa kuna shimo jingine: huyu alikuwa na zamu ya asubuhi Jumatatu tarehe 4, na akitoka usiku hawezi. Nikaangalia Jumatatu asubuhi. Mmoja wa walio likizo anarudi siku hiyo, na asubuhi ilikuwa na watano badala ya wanne wa kawaida. Nikimtoa mmoja wanabaki wanne. Shimo limefika mahali ambapo halimuumizi mtu, na hapo ndipo nikaacha kufuatilia.

Fanya kazi hii kwa penseli kwenye karatasi pembeni, ukiandika kila uhamisho kwa mstari mmoja: nani, kutoka zamu gani, kwenda zamu gani, na zamu aliyotoka imebaki na wangapi. Orodha inaisha pale idadi iliyobaki inapokuwa sawa na mahitaji. Ikikataa kuisha baada ya uhamisho wa nne au wa tano, maana yake wodi haina mtu wa ziada popote katika kipindi hicho. Karatasi hiyo mpelekee metroni kama ilivyo, kwa sababu hapo wodi inahitaji muuguzi zaidi.

Hatua ya saba: andika, kisha makabidhiano

Kwenye rosta ya ukutani usifute wala usibandike karatasi juu. Piga mstari mmoja juu ya herufi ya zamani ili isomeke, andika mpya pembeni, tarehe, saa na sahihi. Kwenye daftari la ripoti weka kilichotokea na majina ya walioingia badala. Andika pia saa za ziada za yule wa jioni na ofu anayodaiwa yule wa usiku. Sheria inampa anayefanya kazi usiku, yaani baada ya saa 2 usiku na kabla ya saa 12 asubuhi, nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Bila maandishi, mhasibu hana cha kulipa.

Muuguzi wa kuazima hajui wodi yako. Msubiri na karatasi yenye mambo matano tu: lilipo sanduku la dharura, mitungi ya oksijeni iliyojaa, mgonjwa wa damu na wale watatu wengine wa thieta, nani ana funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa, na namba ya msimamizi wa usiku. Dawa za kabati hilo zihesabiwe saa 1:30 na zihesabiwe tena saa 4, maana usiku ule kulikuwa na makabidhiano mawili.

Hatua ya nane: tafuta kilichodanganya

Kesho yake nilikaa na aliyepanga rosta, ambaye siku hizi yuko wodi nyingine, tukafungua faili pamoja. Nilitaka kujua mambo mawili: kwa nini tarehe 31 ilikosa mtu, na kwa nini jumla ilisema wapo wawili.

La kwanza lilitokana na hesabu. Rosta ya Julai ilinakiliwa kutoka ya Juni. Juni ina siku 30, na usiku tatu kwa kila jozi zinaingia mara kumi bila kubaki. Julai ina siku 31. Ikaongezwa safu moja mwishoni, na kwa kuwa jozi ya mwisho ilimaliza tarehe 30, wakaandikiwa NO kama kawaida. Agosti ikaanza upya na jozi mpya tarehe 1, na usiku mmoja ukabaki katikati ya karatasi mbili bila mwenyewe.

La pili lilikuwa kwenye fomula ya jumla:

```
=COUNTIF(AG6:AG19,"N*")
```

Nyota baada ya N inamaanisha chochote kinachoanza na N. Kwa hiyo kompyuta ilihesabu NO mbili za waliopumzika kana kwamba ni wauguzi wawili wa zamu. Siku nyingine nyingi nambari hiyo ilikuwa inazidi, inaonyesha nne badala ya mbili siku jozi zinapopishana, na watu walikuwa wamezoea kuona nambari kubwa bila kuuliza. Tuliibadilisha:

```
=SUMPRODUCT(--(TRIM(AG6:AG19)="N"))
```

Hii inahesabu N peke yake, na inapuuza nafasi tupu ambayo mtu huiacha bila kujua baada ya herufi. Chini yake tukaweka mstari wa onyo:

```
=IF(AG20<2,"PENGO","")
```

AG20 hapo ni seli ya jumla ya tarehe 31. Badilisha kulingana na faili lako, kisha jaribu: futa N moja makusudi uone kama neno PENGO linatokea. Fomula isiyojaribiwa kwa kosa la makusudi usiiamini.

Rosta zetu sasa zinachapishwa zikiwa na siku tatu za mwisho za mwezi uliopita na siku tatu za kwanza za mwezi ujao, ili jozi inayovuka mwezi ionekane nzima kwenye karatasi moja. Kabla ya kubandika, mtu mwingine ambaye hakuipanga anasoma kwa sauti majina ya usiku, tarehe kwa tarehe, bila kuangalia mstari wa jumla.

Tulipoweka fomula mpya kwenye faili la Agosti, ambayo nayo ina siku 31, neno PENGO lilitokea Jumapili tarehe 31. Jozi iliyokuwa ianze tarehe 1 Septemba tukaianzisha usiku huo, na rosta ya Septemba tukaipanga kuanzia hapo.